Wajukuu waliofiwa na baba: namna ya kuwaandikia wasia ndani ya theluthi

Mtoto wa kiume akifa kabla ya baba yake na kuacha watoto, kisha babu naye akafa akiwa na mtoto mwingine wa kiume aliye hai, wale wajukuu hawarithi kitu kwa babu yao. Ami yao amewazuia. Familia nyingi hulijua hilo siku ya kugawa mali, na siku hiyo hakuna tena linaloweza kuandikwa. Mlango wa kuwafikishia wajukuu hao mali ni wasia, na wasia una ukomo wa theluthi. Hapa tunaeleza namna ya kuuandika ili ushike.

Kwanza hakikisha kwamba wajukuu kweli wamezuiwa. Mjukuu aliyezaliwa na mtoto wa kiume huzuiwa na mtoto wa kiume yeyote wa marehemu aliye hai, awe baba yake mdogo au mkubwa. Lakini babu akiacha mabinti tu, mjukuu wa kiume aliyezaliwa na mwanawe aliyetangulia ni mrithi kamili: mabinti wakishachukua fungu lao na wenye mafungu wengine yao, yeye huchukua kinachobaki kwa uasaba, akiwa pamoja na dada zake kama anao. Huyo hausiwi, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amesema hakuna wasia kwa mrithi. Watoto wa binti ni jambo jingine. Hao hawamo katika wenye mafungu wala katika asaba, kwa hiyo unaweza kuwausia.

Baada ya hapo jua theluthi inatoka wapi. Watu wengi hukosea hapa, wakaichukua theluthi kwenye kila kilichokuwa mkononi mwa marehemu. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni yote, na theluthi hupimwa kwa kinachosalia. Mahari ambayo mke hajalipwa ni deni. Analipwa hayo kwanza, na bado ana fungu lake la urithi. Zaka iliyocheleweshwa, na Hija iliyomwajibikia mtu akafa hajaitekeleza, kwa mafakihi wa Kishafii nazo hutoka kama madeni, kabla ya wasia. Amana za watu na hisa ya mshirika katika biashara si mali ya marehemu kabisa, hata kama zilikuwa kwenye akaunti yake. Hivi vyote viandike ndani ya wasia wenyewe, kwa kiasi na kwa jina la mwenye haki, maana deni lisiloandikwa huwa ugomvi baina ya mjane na wanawe.

Tuchukue mfano, tuhesabu kwa milioni za sarafu yoyote. Mtu amekufa, ameacha mke, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Ameacha pia wajukuu watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, ambao baba yao alitangulia kufa. Mali yote ni milioni 84. Mazishi yamegharimu milioni 1, na madeni pamoja na mahari ya mke ni milioni 11. Kimebaki milioni 72. Theluthi yake ni milioni 24, na huo ndio mpaka wa wasia.

Je, wajukuu wausiwe ngapi? Kipimo kizuri ni kile ambacho baba yao angekipata kama angekuwa hai. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, na mama ana sudusi, yaani moja ya sita, kwa hiyo watoto wanabakiwa na 17 katika 24 za mali. Kama wangekuwa wavulana watatu na binti mmoja, sehemu hiyo ingegawanywa kwa saba, kila mvulana mbili. Hesabu hiyo inampa mvulana mmoja milioni 14.57 hivi katika zile 72. Hii ni karibu sana na moja ya tano ya mali, na iko mbali na theluthi. Andika moja ya tano. Misri iliweka jambo hili katika sheria yake ya wasia ya mwaka 1946, mjukuu aliyezuiwa akapewa sehemu ya mzazi wake hata babu asipoandika, bila kuvuka theluthi. Pasipokuwa na sheria ya namna hiyo, babu asiyeandika amewaacha bila kitu.

Moja ya tano ya milioni 72 ni milioni 14.4, na hizo ni za wajukuu. Zinabaki milioni 57.6, na mafungu ya urithi yanahesabiwa kwenye hizo, si kwenye 72. Mke anapata thumuni, milioni 7.2. Mama anapata sudusi, milioni 9.6. Zilizobaki milioni 40.8 ni za watoto, mwanamume maradufu ya mwanamke: kila mvulana milioni 16.32 na binti milioni 8.16. Tazama vizuri kilichotokea: wasia haukubadilisha fungu la mtu. Mke alikuwa na thumuni na bado ana thumuni. Kilichopungua ni mali yenyewe, kwa kila mrithi kwa uwiano uleule. Ndiyo maana hakuna mrithi anayeweza kudai kwamba wasia ulio ndani ya theluthi umemwonea yeye peke yake.

Ninapendelea sana wasia uandikwe kwa sehemu kuliko kwa kitu. Babu akiandika "nyumba yangu ni ya wajukuu" amejiwekea mitego miwili. Akiiuza nyumba kabla ya kufa, wasia umeanguka nayo na wajukuu hawana kingine. Na nyumba ikipanda thamani, inavuka theluthi bila yeye kujua, kwa sababu theluthi hupimwa kwa mali iliyopo akifa, si kwa iliyokuwepo alipoandika. Katika mfano wetu, nyumba ikiwa na thamani ya milioni 40, wajukuu wana haki ya milioni 24 tu ndani yake, yaani tatu za tano za nyumba, na mbili za tano ni za warithi. Sasa yatima watatu wanamiliki nyumba moja pamoja na ami zao, bibi yao na mama wa babu yao. Sehemu ya mali hukua na kupungua pamoja na mali, na haiwezi kuvuka theluthi ikiwa iliandikwa chini yake.

Wasia ukizidi theluthi, kilichozidi hakipiti ila kwa ridhaa ya warithi, na ridhaa hiyo inatolewa baada ya kufa kwa mwenye kuusia. Alichosaini mtoto baba yake akiwa hai hakimfungi. Anayeridhia awe mtu mzima mwenye akili timamu, na hutoa katika fungu lake tu. Tuseme wasia ni milioni 30, umezidi kwa milioni 6, na aliyeridhia ni mke peke yake. Anachotoa ni thumuni ya hizo 6, yaani laki saba na nusu, na wengine hawaguswi. Mrithi mdogo haridhii, wala mlezi wake hamridhii. Kwa hiyo usijenge wasia wako juu ya matumaini kwamba watakubali.

Huo ni wasia mmoja. Ikiwa mtu ameusia moja ya tano kwa wajukuu na moja ya tano kwa msikiti, jumla ni mbili za tano, zaidi ya theluthi. Warithi wasiporidhia, kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano: wajukuu milioni 12 na msikiti milioni 12, na wajukuu wamepoteza milioni 2.4. Dawa yake ni neno moja la tangulizo. Ukiandika kwamba wajukuu waanze kupewa na msikiti upewe kitakachobaki ndani ya theluthi, wajukuu watapata milioni 14.4 zao kamili na msikiti milioni 9.6. Kumbuka pia kwamba zawadi anayoitoa mtu akiwa katika maradhi yaliyomfisha huhesabiwa ndani ya theluthi hiyohiyo. Anayekimbilia hiba akiwa kitandani hajakwepa kitu.

Mgao baina ya wajukuu wenyewe nao uandikwe. Ukisema tu "kwa watoto wa marehemu mwanangu", watagawana sawasawa, mvulana na msichana, kila mmoja milioni 4.8, kwa kuwa huu ni wasia na hesabu ya mbili kwa moja ni ya urithi. Ukitaka mbili kwa moja lazima useme, na hapo kila mvulana atapata milioni 5.76 na msichana milioni 2.88. Zote mbili zinafaa. Kinacholeta fitina ni kunyamaza, mmoja wa wana akadai kwamba baba alikusudia hivi na mwingine vile.

Maneno ya kifungu chenyewe yanaweza kuwa hivi:

"Baada ya mazishi yangu na madeni yangu yote kulipwa, nawausia watoto wa marehemu mwanangu, walio hai siku ya kufa kwangu, moja ya tano ya mali itakayobaki, wagawane sawasawa, ikiwa siku hiyo hawatakuwa warithi wangu. Wasia huu utangulizwe kabla ya wasia wangu mwingine wowote. Jumla ya wasia zangu isizidi theluthi. Kinachobaki kigawanywe kwa warithi wangu kwa mujibu wa mirathi ya Kiislamu kama watakavyokuwa siku hiyo."

Kila kipande hapo kina kazi. "Walio hai" ni kwa sababu mjukuu uliyemtaja kwa jina akifa kabla yako, sehemu yake hurudi kwenye mali, lakini ukilitaja kundi, ndugu zake waliosalia huichukua. "Ikiwa hawatakuwa warithi" ni kwa sababu anayehesabiwa kuwa mrithi ni yule aliye mrithi siku ya kifo: wana wawili wakitangulia kufa, wajukuu wanaingia katika urithi, na wasia kwao unakuwa wa mrithi. Na mafungu ya warithi hayatajwi kwa hesabu, maana mama akifa kabla yako, karatasi iliyoandika sudusi yake imeshakuwa uongo.

Ongeza jina la wasii atakayelipa madeni na kutoa wasia, na jina la atakayeshika mali ya wajukuu hadi wabaleghe na waonekane wana busara ya mali. Asiwe ami mwenye kugawana nao ikiwa kuna mwingine mwaminifu. Andika kwamba wasia huu unafuta uliotangulia, weka tarehe, na shuhudiza wanaume wawili waadilifu wasiokuwa na haki yoyote ndani yake. Sheria ya nchi unayoishi inaweza kuwa na sharti lake la saini na mashahidi, kwa hiyo mpelekee kadhi au wakili aisome kabla ya kusaini. Nakala moja akae nayo wasii. Ikibaki kwenye kabati lako peke yake, atakayeifungua wa kwanza huenda ndiye asiyependa ionekane.