Daftari lilipopotea: jinsi nilivyorudisha noti za takwimu

Zikiwa zimebaki siku 19 kabla ya mtihani wa takwimu, nilishuka kwenye basi bila daftari langu. Nililitafuta kwa siku mbili, nikaulizia kila mahali nilipopita, kisha nikakubali kwamba mihadhara ya wiki 9 ilikuwa imekwenda nalo. Ninawaandikia ninyi mnaoanza masomo ya chuo kwa sababu kosa nililokaribia kulifanya saa ile ndilo nililoona wengi wakilifanya baadaye: kukimbilia kuomba slaidi za wenzao na kuzinakili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Rafiki niliyekaa naye darasani ndiye aliyenizuia. Aliniambia, "Slaidi nitakupa jioni, lakini kwanza andika unachokikumbuka." Wakati ule nilidhani ananichelewesha. Sasa ninajua kwamba ukishaisoma slaidi, huwezi tena kutenganisha ulichokuwa unakikumbuka na ulichokisoma dakika tano zilizopita. Maneno ya slaidi hukaa juu ya kumbukumbu na kuifunika. Kile ambacho slaidi haina, yaani mfano uliofanywa ubaoni, onyo lililotolewa kwa mdomo au swali la mwanafunzi lililomfanya mhadhiri arudi nyuma kueleza upya, ndicho kinachopotea kwa njia hiyo.

Jambo la pili lilikuwa mpangilio. Nilitaka kuanza na wiki ya kwanza, kama daftari lenyewe lilivyoanza, lakini nilianza na mhadhara wa karibuni zaidi na kurudi nyuma. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kutoa matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo mhadhara wa juzi ndio unaovuja haraka zaidi, ilhali kilichobaki cha wiki ya kwanza, ingawa ni kidogo, kinaweza kusubiri siku moja au mbili bila kupungua sana.

Nilichukua karatasi zisizounganishwa, kila mhadhara karatasi yake, nikaandika upande mmoja tu na kuacha ukingo mpana kushoto. Pale kumbukumbu ilipogoma sikujilazimisha. Nilijiuliza nilikaa wapi siku hiyo, ubao ulikuwa na mchoro gani, zoezi la wiki hiyo lilituuliza nini. Zoezi lilinisaidia kuliko vyote, kwa kuwa majibu niliyokuwa nimekabidhi na kurudishiwa yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani, na kila swali lilinikumbusha sehemu ya mhadhara uliolitangulia. Kila mstari niliutia herufi ukingoni: K kwa kilichotoka kwenye kumbukumbu, S kwa kilichotoka kwenye slaidi, M kwa nilichoambiwa na mwenzangu. Herufi ya nne, H, niliiweka tu baada ya kuhakikisha jambo lenyewe kwa hesabu. Kazi hiyo ilionekana ya kuchosha hadi nilipofika kwenye mhadhara wa varianzi, yaani kipimo cha namna data zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake.

Kwenye karatasi yangu ya K nilikuwa nimeandika kwamba tunachukua tofauti ya kila thamani na wastani, tunaipandisha kuwa mraba, tunajumlisha, kisha tunagawa kwa n, idadi ya thamani. Nilikuwa na uhakika kabisa. Slaidi za mwenzangu wa kwanza zilikubaliana nami. Slaidi za wa pili, aliyehudhuria kipindi cha Alhamisi badala ya Jumatatu, zilisema tugawe kwa n − 1. Niliwauliza wanafunzi wengine watatu, wote wakasema n, nikakaribia kufunga shauri kwa wingi wa kura. Kisha nikagundua kwamba wote watatu walikuwa wamechukua faili lao kwa yule mwenzangu wa kwanza. Huo ulikuwa ushahidi wa mtu mmoja uliorudiwa mara nne, nami nilikuwa nauhesabu kama wa watu wanne.

Kilichoamua ni kipande kidogo cha kumbukumbu ambacho nilikuwa nimekiandika pembeni bila kujua kina kazi gani: mhadhiri aliandika ubaoni 4, 6, 8, 10, 12, na jibu lake lilikuwa 10, akalizungushia duara. Nilikikokotoa upya. Wastani ni 8. Tofauti ni −4, −2, 0, 2 na 4. Miraba yake ni 16, 4, 0, 4 na 16, na jumla yake ni 40. Ukigawa kwa 5 unapata 8, ukigawa kwa 4 unapata 10. Kwa hiyo siku ile ubaoni tuligawa kwa n − 1, na kumbukumbu yangu yenye uhakika mwingi ilikuwa imekosea kanuni huku ikihifadhi namba sawasawa. Nimeliona hilo mara kadhaa tangu hapo, na ndiyo maana ninawasihi msizitupe namba na michoro mnayoikumbuka nusunusu. Inaweza kuwakagulia kanuni mnazodhani mnazijua.

Ilibaki kujua kwa nini, kwa kuwa slaidi zote mbili zilitoa kanuni bila sababu. Hapa nilijifunza kuuliza. Swali la "unaweza kunielezea varianzi?" lilikuwa limeniletea kanuni ileile kila nilipoliuliza, kwa hiyo nilimwuliza mwenzangu wa Alhamisi: "Baada ya slaidi ya 14, kabla hajafika kwenye mfano, mwalimu alisema nini kuhusu sampuli?" Alifumba macho kidogo, akakumbuka. Ukiwa na data za kundi zima unagawa kwa n. Ukiwa na sampuli tu, wastani unaoutumia umetokana na sampuli hiyohiyo, nao daima hukaa karibu na data zake kuliko wastani halisi wa kundi, ila pale viwili hivyo vinapolingana. Nilijaribu kwa namba zilezile: tuseme wastani halisi wa kundi ni 7. Tofauti zinakuwa −3, −1, 1, 3 na 5, na jumla ya miraba ni 45, zaidi ya ile 40. Yaani tukitumia wastani wa sampuli tunaupunja mtawanyiko, na kugawa kwa namba ndogo kidogo kunafidia upungufu huo. Ndipo nilipoandika H ya kwanza kwenye karatasi ile, na slaidi ya Jumatatu nikaielewa pia: ilikuwa ikizungumzia kundi zima, ingawa kichwa chake hakikusema hivyo.

Kazi yote ilinichukua siku 8, saa mbili au tatu kila jioni. Mihadhara miwili niliirudisha karibu yote, mingine kwa kiasi, na wa wiki ya tatu ulibaki mifupa mitupu kwa sababu hakuna niliyemjua aliyekuwa ameandika chochote nje ya slaidi. Sikuujaza kwa kubahatisha. Niliacha nafasi tupu, nikaandika ndani yake maswali matatu mahususi, nikayapeleka kwa mhadhiri ofisini kwake pamoja na karatasi zenyewe. Alizipitia moja baada ya nyingine, akayajibu maswali yale kwa dakika kumi hivi, na kwenye mstari mmoja wenye K akachukua kalamu yangu na kuusahihisha.