Laki tatu na sabini kwa mwezi, na kiwanja hakikununulika

Wadogo zangu wa dawati la wateja, wiki hii nimeona tena karatasi ileile. Mteja anataka milioni 30 baada ya miaka 5, faida asilimia 12 kwa mwaka, na mtu kamwandikia aweke shilingi 4,015 kwa mwezi. Jamani! Mara miezi 60 haifiki hata laki mbili na nusu.

1. Miezi iende na faida ya mwezi. Aliyepata 4,015 aliweka asilimia 12 nzima kila mwezi. Kabla hujagusa Excel, gawa lengo kwa miezi: milioni 30 kwa 60 ni laki tano. Hiyo ndiyo dari. Jibu lazima liwe chini yake, lakini kwa miaka 5 tu haliwezi kuporomoka hadi elfu nne. Faida ya mwezi ni asilimia 0.949 hivi, na jibu ni kama 373,400. Ukigawa 12 kwa 12 ukapata asilimia moja, utakosea kwa elfu sita tu, kwa hiyo hapo sigombani na mtu.

2. Lengo ni la bei ya lini? Hapa niliumia mimi. Mama mmoja wa Tandika, muuza vitenge, alitaka kiwanja Kigamboni, wakati huo milioni 30. Nikampa hiyo 373,400, nikaichapa vizuri, hata mhuri nikaupiga. Mama hakuruka mwezi, na mfuko ulilipa faida kama tulivyotarajia. Miaka 5 ilipotimia milioni 30 zilikuwepo, ila mwenye kiwanja alitaka milioni 38 na ushee. Alikuja na daftari lake la michango, kila mstari una tarehe, akaniuliza, "Mwanangu, ni mwezi gani sikuweka?" Hakuna. Hesabu ilikuwa sahihi, niliyekosea ni mimi, kwa kulenga bei ya siku aliyokuja ofisini.

Bei ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, milioni 30 inakuwa karibu milioni 38.3. Hiyo ndiyo ya kuingiza:

```
=PMT(1.12^(1/12)-1, 60, 0, -38300000)
```

Inatoka kama 477,000. Laki moja na ushee zaidi kila mwezi, na ningemwambia mapema huenda angechagua Chanika au angeongeza miaka. (Alama ya kutoa iko kwenye lengo ili jibu lisitoke hasi mkaanza kuniita.)

3. Asilimia 12 ni matarajio, haijaahidiwa na mtu. Rudia fomula kwa 1.08: inakuwa kama 525,000. Mpe mteja namba zote mbili kwenye karatasi moja, halafu kila Januari ingiza salio lake halisi, bila alama ya kutoa, pale penye 0, punguza miezi iliyopita, na umpigie simu kama kiwango kimebadilika.