Maswali na majibu: funga ule mlango wa NAS leo

Barua nyingi za juma hili ziko juu ya jambo moja. NAS, kompyuta ya kutunzia mafaili, iko nyumbani Lubumbashi, mwenyewe yuko njiani, na mafaili anayahitaji sasa. Nimechukua maswali matano.

"Papa, nimefungua mlango 5001 kwenye ruta nifikie NAS yangu nikiwa Kolwezi, lakini ukurasa wake haufunguki. Nimekosea wapi?" (Katuba)

Kosa ni kuufungua. Ufunge leo, halafu zima UPnP kwenye ruta, maana kwa njia hiyo NAS yenyewe inaweza kuiomba ruta ifungue mlango upya bila wewe kujua. Kwa nini haukufunguka, soma jibu la mpiga picha hapa chini.

"Nikiweka namba nyingine ya mlango, mfano 48211, na nenosiri la herufi ishirini, si inatosha?" (Kampemba)

Haitoshi, na nimeshalijibu mara nyingi mno. Zipo programu zinazobisha hodi kwenye milango yote 65,535 ya anwani moja kwa muda mfupi tu, kwa hiyo namba ngeni haikufichi. Nenosiri nalo linafaa pale mwizi anapopita mlango wa kuingilia. Aprili 2021 kirusi cha Qlocker kilivamia NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti. Ndani ya HBS 3, programu yao ya kuhifadhi nakala, watengenezaji walikuwa wameacha siri ya kuingilia, na aliyeijua hakuhitaji nenosiri la mwenye nyumba. Mafaili yalifungwa ndani ya 7-Zip kwa nywila, na wezi wakadai bitcoin 0.01. Januari 2022 ikaja DeadBolt, ikadai 0.03. Miongoni mwa walioumia hawakukosekana wenye nenosiri refu kama lako.

"Na nikiweka cheti cha HTTPS?" (Ruashi)

Kufuli lile linaficha mnachosemezana njiani. Halimzuii mtu yeyote kubisha hodi.

"Mimi ni mpiga picha wa harusi, Kamalondo. Foto zangu ziko kwenye kompyuta ya zamani yenye Debian na OpenMediaVault. Nataka kuzifikia nikiwa Likasi, na kijana anayenisaidia azifikie pia, ila yeye asiguse mipangilio. Nafanyaje?"

Hili ni swali la mtu aliyefikiri, na nitalijibu kwa urefu.

Anza kwenye ukurasa wa hali ya ruta yako, usome anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikianza na 10 na nukta, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma amekuweka wewe na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya nje. Mtu wa nje hawezi kukufikia hata ukifungua milango yote. Ndiyo hali ya kawaida kwa modemu za simu, na yawezekana ndiyo iliyomwokoa ndugu yetu wa Katuba. Dawa ni nyumbani kupiga simu nje badala ya kungoja kupigiwa.

Kodi seva ndogo ya Linux yenye anwani yake ya kudumu. Ya dola chache kwa mwezi inakutosha. Weka WireGuard, programu ya VPN inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, hapo, kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye simu zenu. Seva iwe 10.8.0.1, nyumbani 10.8.0.2, simu yako 10.8.0.3, ya kijana 10.8.0.4. Faili la nyumbani, `/etc/wireguard/wg0.conf`, liwe hivi:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.2/24
PrivateKey = ...
PostUp = iptables -I INPUT -i %i ! -s 10.8.0.3 -p tcp -m multiport --dports 22,80,443 -j DROP

[Peer]
PublicKey = ...
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Anwani ya `Endpoint` ni ya mfano, weka ya seva yako. Mstari wa mwisho usiuache. Kila sekunde 25 nyumbani inatuma pakiti ndogo ili njia kwa mtoa huduma isizibe. Bila huo, asubuhi kila kitu kinakwenda vizuri na mchana hufiki nyumbani.

Mstari wa `PostUp` ndio jibu la kijana wako. Ukurasa wa usimamizi na SSH vinafunguka kwa 10.8.0.3 peke yake. Yeye anabaki na Samba, mlango 445, yaani mafaili tu. Kwenye seva, kila kifaa kipewe `AllowedIPs` ya anwani yake moja, mfano `10.8.0.4/32`, ili asiweze kujifanya wewe. Hapohapo weka `net.ipv4.ip_forward=1`, la sivyo simu itaishia kwenye seva.

Mlango pekee unaoufungua kwa mpangilio huu ni UDP 51820 wa seva, na WireGuard haimjibu asiye na ufunguo. Anayebisha hasikii kitu.

Kwenye simu, `AllowedIPs` iwe `10.8.0.0/24`. Wengi wanaandika `0.0.0.0/0` kwa kunakili, halafu video zote za simu zinapitia seva. Jaribu kwa kuzima wifi na kutumia data ya simu: `http://10.8.0.2` ifunguke kwako, ikatae kwa kijana. Ukizima WireGuard, ikatae kwako pia.

Nakuonya mambo mawili ambayo hukuyauliza. Kwanza, kwa mpangilio huu data inafunguliwa ndani ya seva kabla ya kufungwa tena kwenda kwa mwingine. Mwenye seva anaweza kuchungulia. Foto za harusi za watu ni amana, kwa hiyo iambie Samba `smb encrypt = required`, ndipo hata seva isizione foto hizo. Pili, kasi ni ile ya kupandisha kutoka nyumbani. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, harusi ya gigabaiti 40 inachukua karibu saa 18. Tengeneza nakala ndogo za JPEG za kuonyesha wateja, RAW zibaki nyumbani.

"Yaya, nilifuata maelezo yako ya WireGuard. Yanakwenda vizuri, ila umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine nyumbani haipatikani tena. Kwa nini?" (komuni ya Kenya)

Mambo matatu. Ingia kwenye BIOS uamuru kompyuta ijiwashe umeme ukirudi. Bila hivyo inabaki imelala.

Ikiwa imewaka na bado hupati kitu, mtume mtu wa nyumbani aandike `date`, kisha `wg show`. Kwangu `date` ilionyesha mwaka uliopita kitambo. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao ilikuwa imekufa, na nilikuwa nimezima kusawazisha saa kwa intaneti. WireGuard inaweka saa ndani ya kila ombi la kuungana, na upande wa pili unalikataa ombi lenye saa ya nyuma kuliko la mwisho ulilopokea, ukidhani mwizi anarudia pakiti ya zamani. Dalili yake ni kwamba kwenye `wg show` baiti zilizotumwa zinaongezeka, zilizopokelewa zinabaki sifuri, na mstari wa `latest handshake` haupo kabisa.

Nunua betri mpya, washa NTP, yaani huko kusawazisha saa kwa intaneti, kwenye ukurasa wa tarehe na saa. Na kwenye `Endpoint` andika namba ya IP badala ya jina, maana kompyuta huwahi kuamka kabla ya modemu, na saa hiyo jina halitafutiki.