Vidokezo vitatu vya wimbo: skripti ianze kuandikwa mwishoni

Swali: Ninaendesha kipindi cha Jumamosi mchana kwenye redio moja ya hapa Lubumbashi. Nina dakika kumi za mchezo wa kukisia wimbo kwa vidokezo vitatu. Wiki moja simu ya kwanza tu inalipata jibu, wiki nyingine hata kidokezo cha tatu hakimsaidii mtu. Skripti yake niiandike namna gani?

Jibu: Ndugu mtangazaji, andika kidokezo cha tatu kwanza, halafu rudi nyuma hadi cha kwanza. Ugumu wa kidokezo usiupime kwa maneno yake. Upime kwa idadi ya nyimbo zinazobaki kichwani mwa msikilizaji baada ya kukisikia. Cha kwanza kiache nyimbo ishirini au zaidi, cha pili kiache tatu au nne, na cha tatu kiache moja tu.

Kipimo hicho kinaeleza wiki zako zote mbili. Ukianza na mwaka au jina la mwimbaji, umekwisha kufuta karibu kila kitu, na anayejua muziki anapiga simu kabla hujamaliza sentensi. Ukianza na jambo ambalo hakuna anayelijua, kwa mfano kijiji alikozaliwa mpiga gitaa, hujafuta hata wimbo mmoja. Hicho ni kitendawili kisicho na mlango. Kidokezo kigumu kilicho kizuri ni jambo ambalo kila mtu amelisikia ndani ya wimbo wenyewe, ila linafaa nyimbo nyingine nyingi pia. Jibu likitoka, msikilizaji aseme: kweli, nilikuwa nalisikia siku zote.

Tuchukue wimbo ambao wazee wa Kamalondo na vijana wa Katuba wote wanaujua: Indépendance Cha Cha wa Joseph Kabasele na African Jazz, wa mwaka 1960. Wanamuziki hao walikuwa Bruseli wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, ule uliokubaliana tarehe 30 Juni kuwa siku ya uhuru wa Kongo.

Kidokezo cha tatu kinajiandika chenyewe: jina la wimbo lina sehemu mbili: kitu Kongo ilichokipata tarehe 30 Juni 1960, na dansi iliyotoka Kuba. Hakuna wimbo mwingine unaopita katika tundu hilo. Angalia lakini jinsi ambavyo ungeweza kukosea hapa. Kama ungeandika tu "wimbo huu unahusu mkutano wa Meza ya Duara," mjuzi mmoja angekutajia Table Ronde, wimbo mwingine wa African Jazz wa wakati uleule, na angekuwa na haki. Kwa hiyo kila kidokezo cha mwisho ukijaribu kwa swali moja: je, kuna wimbo wa pili unaoweza kujibu haya? Utafute wimbo huo kwanza kati ya nyimbo za kikundi chenyewe, maana huko ndiko ndugu wa karibu wanakokaa.

Cha pili kinapaswa kupunguza bila kutaja uhuru wala tarehe. Mahali panatosha: wimbo huu wa Kongo ulizaliwa Ulaya, na walioupiga walitoka mji ambao wakati huo haukuitwa Kinshasa bado. Leopoldville ilibadilishwa jina mwaka 1966, kwa hiyo msikilizaji makini anajua sasa kwamba wimbo ni wa kabla ya hapo, ingawa hujamtajia mwaka wowote.

Na cha kwanza? Ndani ya wimbo huu wanatajwa watu kwa majina yao, zaidi ya watano. Kwetu, ambako kutupa libanga, yaani kutaja watu kwa majina ndani ya wimbo, ni desturi ya muziki, kidokezo hicho kinaacha nyimbo chungu nzima, na watu wataanza na za miaka hii. Ndivyo unavyotaka. Majina yenyewe usiyasome hewani. Lumumba na Tshombe wamo humo pamoja, na hapa Lubumbashi ukiyatamka majina hayo mawili katika sentensi moja, simu zitakuja za siasa na mchezo utakufia mkononi.

Sasa karatasi ya studio. Iandike hivi, neno kwa neno, ili fundi wa mitambo na mpokeaji simu wawe na nakala ileile:

> MTANGAZAJI: Wimbo wa leo. Kidokezo cha kwanza, pointi tano. Ndani ya wimbo huu wanatajwa watu kwa majina yao, zaidi ya watano. Narudia. *(anasoma tena, bila kubadili neno)*
>
> FUNDI: Muziki wa chini, gitaa lisilo na sauti ya mtu.
>
> SIMU: Tatu, au dakika moja na nusu, kinachotangulia ndicho kinachofunga.
>
> JIBU KOSA: "Siyo. Asante." Hakuna neno la ziada.
>
> MAJIBU YANAYOPOKELEWA: Indépendance Cha Cha, "Indepandansi Chachacha", "Uhuru Chacha". Jina la mwimbaji peke yake halitoshi.

Raundi ya pili ni ya pointi tatu, ya tatu ni ya moja, kwa mpangilio uleule. Kidokezo kisizidi maneno ishirini, kwani mama aliye katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na redio ndogo kando ya unga anapata nusu tu mara ya kwanza. Ndiyo maana kinasomwa mara mbili, na maneno yaleyale: ukibadilisha, umetoa kidokezo cha nne bila kujua. Raundi moja inakula kama dakika mbili, tatu zinakula sita, na dakika zinazobaki zinatosha kuupiga wimbo.

Mstari wa jibu kosa ndio unaoharibika mara nyingi. Mtangazaji anasema kwa wema "umekaribia sana, baba," na papo hapo wote wanaosikiliza wanajua ni kikundi kilekile au miaka ileile. Muziki wa chini nao unasaliti: ukiweka rumba yoyote ya African Jazz, anayejua gitaa la Docteur Nico atajibu kabla ya kidokezo. Weka kitu cha kutoka mbali kabisa, na kiwe kilekile kila wiki.

Mpokeaji simu amwambie kila mpigaji azime redio yake kabla ya kuunganishwa, la sivyo sauti itazunguka na kupiga mluzi. Asimwulize jibu nje ya hewa, maana akilijua ataanza kuchagua nani aingie. Kama redio yenu inasikika pia kwenye intaneti, wanaosikiliza huko wanachelewa sekunde nyingi nyuma ya wa FM. Usihesabu dakika moja na nusu tangu ulipomaliza kusoma. Ongeza nusu dakika, au tangaza wazi kwamba mchezo ni wa wasikilizaji wa FM.

Wimbo ukipatikana katika raundi ya kwanza, uwe na wa pili tayari katika bahasha, umeandikwa kikamilifu kama huu. Usipopatikana kabisa, usitunge kidokezo cha nne kwa haraka. Hapo ndipo makosa ya ukweli huingia. Mwambie fundi apige sekunde nne za mwanzo wa wimbo, kisha wewe chukua simu moja tu, bila pointi.

Siku mbili kabla, wasomee watu watatu wasiofanya kazi redioni, wa umri tofauti. Wote wakikwama hadi cha tatu, badilisha cha pili tu. Mmoja akilipata kwa cha kwanza, muulize ni neno gani lililompa, na ulifute hilo neno.