Momenti: weka egemeo pale kani usizozijua zinapokutana

"Wakuu, nipo kidato cha tano, maswali ya boriti yenye bawaba na waya yananitesa. Nikipiga momenti katikati ya boriti, kila mlinganyo unabaki na herufi mbili. Nyie mnajuaje pa kuanzia?"

Mdogo wangu, nami nilikuwa napenda kuanzia katikati, kwa sababu uzito wa boriti upo pale. Kumbe uzito ndio kitu pekee nilichokuwa nakijua tayari! Nilikuwa nafuta ninachokijua na kubaki na nisichokijua.

Nilikuja kulielewa hili likizo moja nikiwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwenye karakana ya mjomba wangu, fundi wa kuchomelea. Alipewa kazi ya kibao cha duka Kariakoo: boriti ya chuma ya m 2 imelala mlalo, mwanzo wake umeshikwa ukutani na bawaba, ncha yake imeshikwa na waya unaopanda hadi ukutani, m 1.5 juu ya bawaba. Boriti ina kg 20, kibao kina kg 40 na kinaning'inia m 1.6 kutoka ukutani. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: waya utavutwa kwa kiasi gani?

Nilichora kwa chaki kwenye kipande cha bati. Bawaba nikaiita A, ncha ya boriti B, pale waya unapoushika ukuta C. Visivyojulikana ni vitatu: mvutano wa waya T, na kani ya bawaba, ambayo ina sehemu ya mlalo H na ya wima V. Sasa angalia: H na V zote zinapita A. Kani inayopita kwenye egemeo umbali wake ni sifuri, kwa hiyo haina momenti hapo. Ukiweka egemeo A, mbili zinaondoka kwa pamoja na T inabaki peke yake.

Umbali wa T si m 2 wala urefu wa waya. Ni ule unaotoka A na kuukata waya kwa pembe mraba. Waya una m 2.5 (pembetatu ya 3, 4, 5 nusu yake), hivyo umbali ni 2 × 1.5 ÷ 2.5 = 1.2 m. Kwa g = 10:

```
A:  T × 1.2 = 200 × 1 + 400 × 1.6
    T = 840 / 1.2 = 700 N
```

Mjomba alitosheka. Mimi sikutosheka, nikajiuliza kama H na V nazo zinaweza kupatikana bila kuigusa T. Zinapatikana. T na V zote zinapita C, kwa sababu V iko kwenye mstari wa ukuta. Egemeo likiwa C, inabaki H. Na T na H zote zinapita B, kwa hiyo ukihamia B inabaki V.

```
C:  H × 1.5 = 840               H = 560 N
B:  V × 2 = 200 × 1 + 400 × 0.4   V = 180 N
```

Hakiki kwa kujumlisha kani: sehemu ya wima ya T ni 700 × 0.6 = 420, ukiongeza 180 unapata 600, ambao ndio uzito wote. Ya mlalo ni 700 × 0.8 = 560, sawa na H. Ukikosea umbali wa waya, hapa ndipo utajua, maana jumla haitafika 600.

Basi kabla ya kuandika chochote, chagua kani unayoitaka, kisha refusha mistari ya zile nyingine mbili hadi zikutane. Hapo ndipo egemeo lilipo, hata kama ni hewani nje ya boriti. Zikiwa sambamba hazikutani popote. Hapo jumlisha kani kwenye mwelekeo unaozikata kwa pembe mraba.

Kuna mtego mmoja. Ukipiga momenti mara tatu, maegemeo yako yasiwe kwenye mstari mmoja. Nilijaribu A, B na katikati ya boriti. Mlinganyo wa tatu ukanipa 420 = 420, na H haikuonekana popote, kwa sababu mstari wake unapita sehemu zote tatu.

Na soma swali vizuri kama kweli kuna bawaba. Boriti ikichomelewa kwenye bamba lililofungwa imara ukutani, ukuta unaishika isizunguke, yaani kuna kisichojulikana cha nne, momenti ya ukuta. Hiyo haina egemeo la kuifuta, ina thamani ileile popote utakaposimama. Bila waya utaipata mara moja, ni 840 Nm zote. Ukiuacha na waya, una visivyojulikana vinne kwa milinganyo mitatu, na hapo lazima ujue waya unarefuka kiasi gani na boriti inapinda kiasi gani.