Mbia wako akikopa, mdai anaweza kuja kwako

Juzi dada mmoja wa Bagamoyo kaniandikia. Ana ubia wa kununua samaki pwani na wenzake wawili, na mmoja wao kachukua mashine ya boti kwa mkopo bila kuwaambia. Anauliza: "Kaka, na mimi ninadaiwa?" Nilicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyewahi kuumwa na nyoka huyo huyo.

Sisi tulikuwa watatu, duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani, Tanga. Jina la biashara tulisajili BRELA na hati ya ubia tuliandikiwa na wakili. Ndani yake kulikuwa na kipengele nilichokipigania mwenyewe: mzigo wowote wa zaidi ya shilingi milioni moja, saini mbili. Nikaikunja hati, nikaiweka kwenye droo ya kaunta, nikajiona nimejikinga.

Asubuhi moja kaja kijana wa wakala wa saruji na karatasi mkononi. Mifuko 400, kwa 15,500 kila mmoja, mali kauli, jumla 6,200,000. Chini muhuri wetu na saini ya mwenzetu. Saruji yenyewe haikufika dukani hata mfuko mmoja. Mwenzetu aliipeleka moja kwa moja kwa mkandarasi, naye kwa ahadi ya kulipa, na mkandarasi akazima simu.

Nikafungua droo, nikamwonyesha kijana hati yetu kwa kiburi kabisa. Akaisoma, akanirudishia. "Mzee, hii nilikuwa naijua mimi?"

Kesi yangu ilifia pale, ingawa nilikuja kuamini baada ya kumlipa wakili aniambie lile lile. Kwa Bara, mambo ya ubia yamo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kila mbia ni wakala wa wenzake katika shughuli za kawaida za biashara yao. Duka la vifaa vya ujenzi kununua saruji ni kawaida kama mama ntilie kununua mchele. Masharti mliyowekeana ninyi kwa ninyi hayamfungi mtu wa nje ambaye hakuyajua. Angekuwa ameambiwa kabla ya kutoa mzigo kwamba yule hana mamlaka hayo, akampa hivyo hivyo, ningekuwa na la kusema.

Benki tulikuwa na 1,400,000, ikaenda yote. Zilizobaki 4,800,000 mdai alizitaka kwangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba Makorora. Ubia wa kawaida hauna ukuta kati ya pesa ya duka na mali ya mbia, huo mnaupata mkisajili kampuni yenye dhima ya ukomo. Nikauza pikipiki, nikakopa kwa shemeji, nikalipa. Mke wangu hakusema neno wiki nzima, na bora angesema.

Kati yetu ilikuwa hesabu nyingine. Mgawo wa kila mmoja ni 1,600,000, na mbia wa tatu alinirudishia wake kidogo kidogo. Lakini aliyevunja makubaliano nilimdai hasara yote, na hapo ndipo ile hati ya kwenye droo ilipopata kazi. Haikunikinga kwa mdai, ila ilinipa mkono kwa mwenzangu. Hajamaliza mpaka leo. Tunakutana msikitini, ananipa salamu, naitika.

Kumbe alikuwa na deni jingine. Alikopa milioni tatu kwa mtu akanunua bodaboda, akagonga muhuri wa duka. Huyu mdai tulimkatalia. Bodaboda haina uhusiano wowote na kuuza misumari, na hatukumruhusu akope kwa ajili hiyo. Anayekopesha kwa jambo lisilohusu biashara anapaswa kuuliza wengine kwanza. Muhuri peke yake haukutosha.

Kwa hiyo ndugu zangu, kipengele cha saini mbili kisikae droo. Mimi sasa nawapelekea wauzaji wote barua, nakala ya pili wananisainia na kuweka tarehe, naihifadhi. Na ukitoka kwenye ubia, waandikie waliokujua kama mbia, urekebishe na BRELA, la sivyo deni la baada yako linaweza kukufuata. La kabla hujatoka ni lako hata ukihamia Pangani. Ninasema haya kwa ukali kwa sababu niliambiwa nikapuuza.

Dada wa Bagamoyo, mashine ya boti ni ngumu zaidi ya saruji yangu. Kama mnanunua samaki ufukweni tu na hamna chombo, mnaweza kusema hilo si la biashara yenu. Kama mna boti, hata moja, na aliyekopesha anaijua, jiandae. Niambie pia karatasi iliandikwa jina gani, la mwenzenu au la biashara, na mashine imefungwa wapi sasa hivi.