Mnaovuta Piritoni kwanza, hili ni lenu

Usiku wa jana nimemkuta tena intani anahangaika na kichupa cha Piritoni huku mgonjwa mwenye mzio mkali wa dawa sauti imeshakwaruza. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanizeesha.

1. Mgonjwa akisema "dawa hii nishachomwa na sikudhurika", usitulie. Mara ya kwanza mzio hujipanga kimyakimya: mwili unaiona penisilini kama adui, unatengeneza kingamwili za IgE, nazo zinakwenda kujibandika kwenye seli za masti, ngozini na kwenye njia ya hewa. Dawa ikirudi inazinasa IgE hizo, na seli inamwaga histamini iliyokuwa tayari kwenye vifuko vyake. Ndiyo maana mambo huharibika kwa dakika.

2. Histamini hulegeza mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje. Ikivuja ngozini, unaona mabaka. Ikivuja kooni, koo linavimba. Ikivuja mwili mzima, presha inaanguka. Misuli ya njia ya hewa nayo inabana. Mimi nilikuwa nalijua hili la kujibia mtihani tu.

Nikiwa intani nilimchoma kijana mmoja penisilini ya mshipani kwa ajili ya jipu la mguu. Sijamaliza kuandika faili, akaanza kujikuna viganja. Nikasema moyoni, aleji ndogo hii. Nikampa Piritoni na haidrokotisoni, nikasubiri. Akaanza kukohoa, nikasubiri. Akasema tumbo linamkata, anataka chooni, nami, msomi mzima, nikamruhusu ainuke. Hatua ya tatu akaanguka. Presha ya juu ilikuwa 60. Nesi wa zamu, mama wa makamo, alinisukuma kwa kiwiko, akamchoma adrenalini pajani, akaamuru miguu iinuliwe na dripu ifunguliwe yote. "Dokta, ulikuwa unasubiri nini?" Sikuwa na jibu. Dakika tano baadaye alirudia dozi, na kijana akafumbua macho.

Nilichokuwa nasubiri hakikuwa na uwezo wa kuja. Piritoni hukalia tu vipokezi ili histamini ikose pa kukaa. Haikazi mishipa iliyokwisha kulegea, wala haizuii lukotrini, kemikali nyingine za seli hizohizo, ambazo nazo zinabana mapafu. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa. Adrenalini ndiyo inayokaza mishipa, kufungua njia ya hewa na kuzizuia seli za masti zisiendelee kumwaga.

3. Mtu mzima: adrenalini ya 1:1000, nusu mililita, msuli wa paja upande wa nje. Rudia baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Si mshipani!

4. Alale, miguu juu. Akishindwa kupumua akae, ila asisimame.

5. Soma faili. La yule kijana nililifungua vizuri kesho yake. Ukurasa wa pili, mwandiko wa mtu mwingine: mabaka baada ya sindano ya penisilini.